Pampu, bomba la dawa au plau: kipi kianze kulipa?

"Nina laki nne na nusu. Ninunue pampu, bomba la dawa au plau niwakodishie jirani zangu hapa Micheweni?"

Ndugu yangu, anayekushauri uanze na cha bei rahisi, yaani bomba la dawa, amepatia nusu, kwani bomba la lita 16 hurejesha fedha zake upesi, lakini wakulima wengi wa tungule hatimaye hununua la kwao, na mabaki ya dawa ya magugu yakibaki ndani huunguza miche ya anayekodi baadaye. Plau hutakiwa na wote kwa wakati mmoja, mvua za masika zinapokaribia, kisha hulala. Mimi nilianza na pampu. Ilinigharimu shilingi 400,000. Naikodisha 15,000 kwa siku, petroli ni ya anayekodi, na 3,000 naziweka kwa matengenezo, hivyo siku 34 za kiangazi zilitosha kuirejesha. Kinachoiua ni kisima kukauka huku inazunguka, kwa sababu sili inayozuia maji yasivuje huungua, nawe utagundua kwa maji yanayochuruzika kati ya pampu na injini. Ndiyo maana naenda mwenyewe kuifunga kisimani, na huyaonja maji kwanza: yakiwa ya chumvi, siikodishi. Kama ni bora kutoza kwa saa, bado sijaamua.