Ukitaka kuongeza methili kwenye kaboni ya tatu, usianze na Grignard

Chukua sikloheks-2-enoni, ketoni yenye bondi maradufu kando ya kabonili. Ukiitia kitendanishi cha Grignard, MeMgBr, peke yake, methili huenda hasa kwenye kaboni ya kabonili na unapata alkoholi, 1-methilisikloheks-2-en-1-oli. Ukiitia Me2CuLi, methili inakwenda kaboni ya tatu na unabaki na ketoni, 3-methilisikloheksanoni. Tofauti inaletwa na shaba. Magnesi hujishika kwenye oksijeni na kuisogeza methili karibu na kabonili, ilhali shaba huikumbatia bondi maradufu, inajifunga na kaboni ya tatu, kisha inaiachia hapo methili yake.

Kwa milimoli 10 za ketoni (gramu 0.96), tayarisha milimoli 15 za Me2CuLi. Weka gramu 2.86 za CuI kwenye chupa iliyokaushwa kwa moto, jaza agoni, ongeza mililita 30 za etha kavu na uipoze kwa barafu hadi 0 °C. Sasa dondosha MeLi polepole huku ukikoroga. Nusu ya kwanza inaleta mashapo ya manjano, ambayo ni MeCu. Nusu ya pili inayayeyusha, na mchanganyiko unakuwa mwangavu, pengine wenye rangi hafifu tu. Kwa MeLi ya moli 1.6 kwa lita utahitaji takriban mililita 18.7.

Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu namba iliyo kwenye lebo ya chupa ya MeLi si ya kuaminiwa baada ya chupa kufunguliwa mara kadhaa. Tuseme nguvu yake imeshuka hadi 1.4. Mililita 18.7 zitakupa milimoli 26 badala ya 30, na manjano yatabaki. Hilo halina hasara kubwa. Hatari iko upande wa pili: ukizidisha, MeLi iliyo huru itashambulia kabonili na kukuletea alkoholi ileile uliyokuwa unaikwepa. Kwa hiyo pima nguvu ya MeLi kwanza kwa taitresheni, halafu acha kudondosha pakiwa na chembe chache za manjano zisizoyeyuka.

CuI nayo iangalie kwa macho kabla ya kuipima. Iliyo safi ni nyeupe au inakaribia weupe. Ya kahawia ina iodini au shaba(II), na shaba(II) huunganisha methili mbili zikawa ethani, ukapoteza kitendanishi bila kujua. Iyeyushe kwenye mmumunyo moto wa KI uliokolea, iteremshe kwa maji, ioshe kwa maji, asetoni na etha, kisha ikaushe kwenye vakyumu.

Ketoni iyeyushe kwenye mililita 10 za etha na uidondoshe kwa 0 °C. Nusu saa kwa kawaida inatosha. Kwa kikundi cha butili mambo ni tofauti: Bu2CuLi huvunjika ikipata joto, basi itayarishe na uitumie chini ya −40 °C. Ikigeuka nyeusi, shaba imeshajitenga kuwa metali na ni bora kuanza upya.

Kumaliza, mimina kwenye NH4Cl iliyokolea yenye amonia kidogo, ukoroge hewani hadi tabaka la maji liwe buluu iliyokoza na mashapo yaishe. Ukiharakisha hapa, matabaka hayatatengana vizuri.

Usiridhike na bamba la TLC linalotazamwa kwa taa ya UV. Doa la ketoni ya mwanzo litapotea, lakini zao zuri na alkoholi zote mbili hazionekani kwa UV. Tazama infraredi: zao zuri lina mstari karibu na 1715, alkoholi ina mstari mpana karibu na 3400. Kwenye NMR ya protoni, methili ya zao zuri ni pacha karibu na 1.0, na eneo la 5 hadi 6 liko tupu.

Kwenye halidi za alkili, Me2CuLi huunganishwa na 1-iododekani kwa 0 °C ikatoa undekani kwa asilimia 90 hivi. Grignard peke yake hapo huzembea, au huleta alkeni. Iodidi na bromidi za msingi zinafaa, na pia tosilati. Za upili hazitabiriki, za tatu usijaribu.

Gharama ipo: kati ya methili mbili, moja tu ndiyo inayohamia. Kwa methili ya bei nafuu haijalishi, lakini kama kikundi chako kimetengenezwa kwa hatua nyingi, kigeuze kuwa Grignard na utumie shaba kidogo tu. Kharasch na Tawney walionyesha mwaka 1941 kwamba asilimia 1 ya CuCl inatosha kuigeuza njia ya MeMgBr kwenye isoforoni. Kwa halidi za msingi, Li2CuCl4 ndani ya THF hufanya kazi hiyohiyo.