Slaidi za mafunzo: nani anafanya kazi, sisi au wewe?

Chukua slaidi za mafunzo ya viazi mviringo kwa kikundi cha wakulima Njombe. Ya pili inasema "Tuchague mbegu za ukubwa wa yai la kuku". Ya tatu, "Panda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30". Ya nne, "Mkulima anatakiwa kuinulia udongo". Ya tano, "Tutapiga dawa ya ukungu mapema". Hakuna sentensi yenye kosa, ila ukifika ya tano ukumbi umegawanyika: wapo wanaosubiri bwana shamba aje na bomba lake, na wapo wanaojua kazi ni yao.

Chanzo ni kiambishi cha nafsi tu-. Haisemi kama msikilizaji yumo au hayumo. Kwenye mkutano wa wanachama wa AMCOS inafaa kabisa, "Tuliuza, tulikatwa, tumebakiwa na", kwa sababu mali na maamuzi ni ya wote waliomo ukumbini. Mwezeshaji kutoka nje akiitumia kwa ukarimu tu, anaishia kutoa ahadi.

Kwa mafunzo, basi, chagua u-, halafu utaje jina pale mtendaji anapobadilika: "Upige dawa mapema. Bwana shamba atapita kukagua."

Kwa nini u- wakati waliokaa mbele ni watu arobaini? Kwa sababu ya umiliki. Ukiandika "shamba lenu", kikundi kinasikia shamba la pamoja, lile la mfano. "Shamba lako" kila mtu analipeleka kwake. Ukipendelea m-, andika "mashamba yenu" na uwe macho na -wa-: "tutawaletea mbegu" yaweza kuwa ninyi au wale wa kijiji cha pili. "Tutawaleteeni" inamaliza ubishi.

Wazee wakiwemo, "Panda! Palilia!" mfululizo inasikika kama amri ya mgambo. "Upande" na "upalilie" zinapunguza ukali bila kubadili nafsi. Mdomoni unaweza kusema "wazee wangu, mpande". Ukutani ibaki ile uliyochagua.

Kukagua, usisome slaidi moja moja kwa mpangilio. Soma vichwa vyote kwanza, kisha vitenzi vyote, kwa sababu nafsi huteleza zaidi pale ulipobandika slaidi ya mafunzo mengine. Kwenye PowerPoint bonyeza Ctrl+F, andika nafasi ikifuatiwa na tu, na kila inapojitokeza jiulize: ni nani hasa? Kitenzi kinachoanza mstari hakina nafasi mbele yake, hivyo mwanzo wa kila mstari uusome kwa macho. Rudia kwa hatu, kisha angalia -etu na -enu, maana vimilikishi husahaulika hata vitenzi vikishanyooka. Maneno yaliyomo ndani ya picha hayatafutwi, hivyo mabango uliyoyapiga picha uyasome kwa macho.

Ushuhuda wa mkulima, "Nilipanda mbegu bora", usiuguse. Uweke kwenye alama za kunukuu, na chini yake utaje msemaji ni nani: mkulima, Makete.