Valini moja kwenye himoglobini

Muulizaji, Lindi: Mafuta yanachukia maji, ndiyo maana protini inajikunja. Sasa selimundu inahusikaje, wakati kilichobadilika ni amino asidi moja tu?

Jibu: Umekaribia, mdogo wangu, ila chanzo ni maji kupenda kushikana yenyewe. Molekuli zake hushikana kwa bondi za haidrojeni, zikiachana na kushikana upya kila mara. Zikizunguka sehemu yenye asili ya mafuta, ambayo haishikiki, hulazimika kujipanga na kupoteza uhuru. Sehemu mbili kama hizo zikigusana, maji yaliyozizunguka huachiliwa. Nguvu kubwa inatoka hapo.

Kwenye selimundu, nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, amino asidi glutamati yenye chaji imekuwa valini, yenye asili ya mafuta, tena iko nje kwenye maji. Himoglobini ikiachia oksijeni, molekuli jirani hufunua kijishimo chenye amino asidi fenilalanini ya nafasi ya 85 na lusini ya nafasi ya 88, nazo zenye asili ya mafuta. Valini inaingia humo. Mshiko mmoja ni dhaifu, lakini ukijirudia mara nyingi unazaa nyuzi ndefu zinazopinda seli.

Muuguzi, Masasi: Kumbe ndiyo maana wodini tunawasisitiza wanywe maji, yayeyushe hizo nyuzi?

Jibu: Hayayeyushi, dada. Seli iliyopungukiwa maji ina himoglobini iliyobanana, na nyuzi huanza mapema zaidi.

Muulizaji: Mbona wengine huumwa mara chache?

Jibu: Himoglobini ya kichanga ikibaki nyingi huzuia nyuzi, lakini hilo haliwaelezi wote.