Oda inalala wapi? Kuchora safari yake kutoka simu ya mteja hadi dukani

Msambazaji mdogo akilalamikiwa kuchelewesha mzigo, wazo la kwanza huwa ni kuongeza gari. Kabla ya kukopa kwa ajili ya hilo, chora ramani ya mtiririko wa thamani: karatasi moja inayoonyesha kila hatua ya oda, nani anaishika, inafanyiwa kazi dakika ngapi, na inakaa muda gani bila kuguswa.

Usiichore kwa kuuliza watu. Ukimuuliza karani ankara inachukua muda gani, atakwambia dakika tano, na anasema kweli. Ila hatakwambia imekaa mezani tangu saa ngapi, maana hilo yeye haliangalii. Chukua oda 20 za wiki ya kawaida, kila moja ibandikwe kikaratasi, na kila anayeipokea aandike saa tatu: ilipofika kwake, alipoianza, alipoimaliza. Oda ikija kwa ujumbe wa WhatsApp, saa ya kwanza ni ile inayoonekana kwenye ujumbe wa mteja, si ile karani aliyoifungua. Mwishoni zipange kuanzia iliyowahi hadi iliyochelewa, uichore ile ya katikati. Wastani utapotoshwa na oda moja iliyokwama wiki nzima.

Tuseme iliyoangukia katikati ni ya katoni 12 za sabuni, mafuta na biskuti. Mwenye duka aliituma Jumatatu saa 4:10 asubuhi. Mtu wa mauzo yuko mizungukoni, anazikusanya oda zote na kuzituma kwa pamoja saa 11:00 jioni, kwa oda hii ikiwa kazi ya dakika 3. Karani anaifungua Jumanne saa 2:20 asubuhi, anaimaliza kwa dakika 6. Inamsubiri mhasibu hadi saa 3:40 aangalie deni, kazi ya dakika 4. Stoo wanaanza kuitoa saa 4:15, dakika 14 baadaye wanagundua sabuni imeisha. Karatasi inarudi kwa karani, inakaa dakika 36, inarekebishwa kwa dakika 5. Gari linarudi saa 6:20, linapakiwa dakika 15, linakaa nusu saa likisubiri mzigo mwingine, linaondoka saa 7:05. Saa 8:30 mchana mzigo umeshushwa na kuhesabiwa.

Tangu ujumbe wa mteja hadi hapo ni saa 28 na dakika 20, yaani dakika 1,700. Kazi yenyewe, pamoja na dakika 70 za barabarani, ni dakika 132. Zilizobaki 1,568 ni za kusubiri, na kati ya hizo 1,327 zimekwisha kabla karani hajaiona oda, sembuse mtu wa stoo. Gari lenyewe limechangia dakika 100 tu. Wengine huondoa saa za usiku kwa kuwa ofisi imefungwa. Sisi tunashauri uziache: rafu ya mteja ni tupu usiku na mchana, na oda hii imelala kwa sababu tu haikutumwa asubuhi.

Halafu hesabu makabidhiano. Hapa yako manane, mawili yakiwa ya kwenda na kurudi kwa karani kwa sababu ya sabuni. Kwa kila kabidhiano uliza: kati ya oda 20, ngapi mpokeaji alizifanyia kazi bila kupiga simu kuuliza? Zikiwa 11, tatizo liko kwa anayekabidhi. Ujumbe wa sauti unaosema "nipe kama za juzi" huleta simu tatu baadaye.

Marekebisho yafuate mahali muda ulipo. Mtu wa mauzo atume kila oda inapoingia, ikiwa na jina la duka, bidhaa, ujazo na idadi. Stoo impe karani orodha ya vilivyoisha kila asubuhi kabla hajaandika ankara ya kwanza. Mhasibu atoe orodha ya wadaiwa waliozuiliwa, wengine wapite moja kwa moja, ila wanaovuka kikomo chao cha mkopo bado wapitie kwake. Wekeni saa 5:00 asubuhi kuwa mwisho wa oda za gari la mchana. Oda yetu ya saa 4:10 ingeondoka Jumatatu ileile saa 7:05, kwa gari lilelile.

Baada ya wiki mbili pima tena oda nyingine 20. Hapo huenda foleni ikahamia mlangoni pa stoo, kwa kuwa oda zinafika mapema na wapakiaji ni walewale. Zihesabu zilizolala hapo: zikiwa 18 na mnatoa 36 kwa siku, inayoingia sasa itasubiri nusu siku ya kazi. Ikiwa zimeshafungwa tayari na kinachokosekana ni nafasi ya kupakia, hapo ndipo suala la gari la pili lina hesabu ya kulitetea.