Hesabu za shamba hazikai sawa, nami nataka kujitoa

*Shangazi, shamba letu la minazi nje kidogo ya Malindi lina wadhamini watatu, na mimi ndiye mshika fedha. Nimechoka na maneno ya ukoo, nataka kujiuzulu. Binamu yangu, mdhamini mwenzangu, anasema niandike barua tu na kukabidhi daftari. Nimejumlisha, pesa zimepungua elfu kumi na mbili. Nitie zangu yaishe?*

Mwanangu, usitie hata shilingi. Ukiziba pengo kimyakimya, utakuwa umelipa deni ambalo huenda ni la mtu mwingine, na daftari litasema uongo.

Tafuta kwanza zilikokwenda. Tuseme mwaka ulianza na 42,000, nazi zikaleta 96,000 na kiwanja mlichokodisha 60,000. Hiyo ni 198,000. Mlinzi alilipwa 72,000, wakwezi 24,000, kodi ya ardhi 18,000, mazishi yakachukua 30,000, jumla 144,000. Zilipaswa kubaki 54,000, na wewe unazo 42,000, za benki na za mkononi pamoja. Sasa pitia mwezi baada ya mwezi, daftari ukililinganisha na taarifa ya benki na meseji za M-Pesa. Mara nyingi utakuta wakwezi walilipwa palepale shambani pasiandikwe, au jamaa alikopeshwa kwa mdomo. Ukimpata aliyekopa, andika jina lake, kiasi na tarehe, naye atie sahihi. Usipoona kitu, iache 12,000 kwenye mstari wake, "haina stakabadhi". Usiifiche ndani ya "mengineyo", maana hapo ndipo maneno yote ya ukoo huanzia.

Maamuzi nayo yana njia yake. Kile kiwanja, kwa mfano, huenda mlikubaliana kukikodisha mkiwa barazani, bila muhtasari. Usitunge muhtasari wa tarehe ya nyuma! Andika maelezo yenye tarehe ya leo: tulikubaliana hivi, walikuwepo hawa, kodi ni hii. Waliokuwepo watie sahihi, na asiyekubali aandike pingamizi lake hapohapo.

Ndipo uje kwenye kujitoa. Soma hati ya udhamini, kwa kuwa huenda imeweka utaratibu wake. Kama haikusema, sheria ya Kenya inakuruhusu kutoka kwa hati rasmi, wenzako wakiridhia, na wabaki wadhamini wasiopungua wawili. Nyinyi mko watatu, kwa hiyo yawezekana, lakini barua aliyoisema binamu yako, peke yake haitoshi. Jina lako likiwa kwenye hati miliki, litabaki huko mpaka mabadiliko yasajiliwe ofisi ya ardhi. Mwone wakili akuandalie hati ya kujitoa, kisha mbadilishe na sahihi za benki.

Na jua kwamba kutoka hakufuti yaliyofanyika ukiwemo. Kwa hiyo siku ya makabidhiano, kila ukurasa wa daftari utiwe sahihi na anayepokea, nawe ubaki na nakala. Mpaka jina litoke, usisaini hundi wala mkataba ambao hukuusoma.