Seli T haioni kirusi kizima

"Mwanangu hajawahi kuugua surua. Seli zake nyeupe zitakijuaje kirusi? Dada anasema kingamwili ndizo zinaua kila kitu."

Hazikijui, mama. Kila seli B, aina moja ya seli nyeupe, huzaliwa na kipokezi chenye umbo la kubahatisha, na zipo mamilioni. Surua ikiingia, chache ambazo vipokezi vyao vinashika uso wa kirusi hugawanyika, na baada ya siku kadhaa humwaga nakala za kipokezi hicho kwenye damu. Nakala hizo ndizo kingamwili.

Dada yuko nusu sahihi. Kingamwili hunasa kirusi kikiwa nje tu. Kikishajificha ndani ya seli, seli hiyo huanika nje vipande vya protini za kirusi, na seli T, aina nyingine ya seli nyeupe, inayolingana na kipande huiua seli nzima. Watoto wanaozaliwa hawatengenezi kingamwili kwa kawaida hupona surua. Wasio na seli T ndio huelemewa.

"Mimi hupimwa CD4 kliniki, ndizo hizo wauaji?"

Hapana kaka, hizo nyingi ni seli T wasaidizi. Wao huzichochea seli B na wauaji. Wauaji wenyewe ni CD8.