Kufupisha uamuzi wa pingamizi la alama ya biashara: KARAMU na KALAMU, nini hasa kiliamua

"Wakuu naombeni msaada. Bosi kanipa uamuzi wa pingamizi la alama ya biashara, kurasa 19, anataka niufupishe kwa ajili ya mteja usizidi kurasa mbili. Nimefupisha mara mbili anarudisha, anasema sijaonyesha alama zililinganishwaje na ni kipi kilichoamua. Mbona nimeandika kila kitu?"

Mkuu mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili hapa Mwanza, mafaili ya alama nimeyashika miaka kadhaa sasa, na hicho unachorudishiwa nilirudishiwa hichohicho mara tatu kwenye faili moja. Ngoja nikupe hilo faili lenyewe. Majina ya alama nimeyabadilisha ila nimechagua yanayofanya kazi ileile, kwa hiyo usihangaike kuyatafuta kwenye jarida la BRELA.

Iko hivi. Kuna mama anasaga na kufungasha dona na mchele, alama yake KARAMU imesajiliwa klasi ya 30, neno limeandikwa kwa herufi nene nyekundu na juu yake sahani inayofuka mvuke. Mteja wetu, kijana tu, akaleta maombi mawili ya alama KALAMU, moja klasi ya 30 kwa unga wa lishe wa uji wa watoto wa shule, la pili klasi ya 16 kwa madaftari, na logo yake ni kalamu ya njano imesimama wima pembeni ya neno. Maombi yalipotangazwa kwenye jarida yule mama akayapinga yote mawili. Wakasikilizwa, Msajili akaamua: la unga limekataliwa, la madaftari liendelee.

Muhtasari wangu wa kwanza ulikuwa kama wako nadhani. Tarehe ya maombi, tarehe ya pingamizi, hati ya majibu ililetwa lini, viapo vya nani, wakili huyu alisema hivi na yule akasema vile, afu mwisho "pingamizi limekubaliwa kwa sehemu". Wakili wangu akausoma akaniuliza swali moja tu: "Mteja akisema niongeze neno moja mbele ya hilo jina, nitapona? Kwa hiki ulichoandika utamjibu nini?" Sikuwa na cha kujibu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimefupisha safari ya kesi wakati uamuzi wenyewe nimeuacha kule kwenye kurasa za Msajili.

Sasa twende kwenye ulinganishi wenyewe. Msajili alianza na kipimo cha zamani sana cha Uingereza, kesi ya Pianotist ya mwaka 1906, ambayo mawakili wetu bado wanaitaja: chukua maneno mawili, yatazame yanavyoonekana na yanavyosikika, angalia bidhaa, angalia ni mteja wa aina gani atakayenunua, kisha na mazingira yote ya soko. Ni vitu vichache, ila ukisoma uamuzi vizuri utaona havipewi uzito sawa, na kazi yako kwenye muhtasari ni kuuonyesha huo uzito.

Kwa macho: herufi sita kwa sita, tano zinafanana na ziko sehemu ileile, tofauti ni R na L katikati. Picha ni tofauti kabisa, sahani na kalamu, na rangi tofauti. Msajili akasema kwa macho zinafanana kwa kiasi cha kati, picha zinasaidia kuzitenganisha kidogo lakini neno ndilo kubwa kwenye lebo na neno ndilo mtu analolitumia kuomba bidhaa, hakuna anayeingia dukani akasema nipe ule wenye sahani.

Kwa maana: hapa ndipo tulipoweka matumaini yetu yote. Karamu ni shughuli ya kula, kalamu ni ya kuandikia, mtoto wa darasa la kwanza anajua. Wakili wetu akaleta uamuzi wa Ulaya wa PICASSO na PICARO. Warithi wa mchoraji Picasso, wenye alama PICASSO kwa magari, waliipinga PICARO ya DaimlerChrysler, nayo ya magari, wakashindwa kila ngazi mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya Januari 2006. Sababu ni kwamba mtu akisikia Picasso anamwona yule mchoraji papo hapo, Picaro haina picha hiyo kichwani, kwa hiyo tofauti ya maana ilikuwa na nguvu ya kuufuta mfanano wa macho na sikio. Hoja yetu ikawa, kama maana ya upande mmoja tu iliwatosha wale, sisi tuna maana mbili zilizo wazi pande zote mbili, tunashindwaje?

Tulishindwa kwa sababu ya sikio, na hii ndio sehemu muhimu kuliko zote kwenye uamuzi mzima. Mkuu kama unaishi huku unajua. Kisukuma kina l, r haimo, na kuna wenzetu wengi wa visiwani na kandokando ya ziwa ambao r na l zinapishana mdomoni, sio makosa ni lugha za nyumbani zilivyo. Kwa mnunuzi wa Mwanza, Sengerema au Ukerewe, KARAMU na KALAMU mara nyingi ni sauti moja. Msajili akasema tofauti ya maana inaokoa pale tu ambapo mnunuzi anaijua ni maana ipi anayopewa. Kama neno limefika sikioni likiwa moja, hiyo maana ya pili haijapata nafasi ya kuingia kichwani, kwa hiyo haina kitu cha kufuta. Nilivyosoma hiyo aya mara ya kwanza niliipita, mara ya tatu ndio nikaona ndiyo iliyobeba kesi yote.

Na haikuwa nadharia. Yule mama alileta madaftari ya oda ya maduka ya jumla anayoyauzia. Oda nyingi kutoka Nansio zinapigwa kwa simu, anayepokea anaandika anachosikia, na kwenye kurasa kadhaa imeandikwa "kalamu mifuko 20", "kalamu dona 10", tarehe za kabla hata mteja wetu hajaleta maombi yake. Yaani bidhaa ya mteja wetu ilikuwa haijazaliwa na tayari bidhaa ya yule mama inaitwa kalamu. Kisheria hakuhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshachanganya bidhaa hizi mbili, uwezekano tu unatosha, lakini ule ushahidi ulionyesha huo uwezekano unakaa wapi hasa: kwenye simu na kwenye kaunta ya duka.

Ndio maana kigezo cha mnunuzi hakiwezi kuandikwa mstari mmoja na kuachwa. Kwenye kesi ya Pianotist mwombaji wa NEOLA alishinda dhidi ya PIANOLA kwa sababu zilikuwa mashine za kupigia piano, vitu vya bei kubwa vinavyonunuliwa na watu wanaochunguza. Picasso vilevile, nani ananunua gari kwa kusikia jina tu, analiona, analikagua, anasoma karatasi. Unga kilo mbili unatumwa mtoto, anataja jina mbele ya nondo za dirisha la duka, muuzaji ananyoosha mkono kwenye shelfu, wamemalizana. Umakini mdogo, jina linapita kwa mdomo, na mtu anakumbuka alama kwa kumbukumbu isiyo kamili bila kuziweka mbili pembeni kwa pembeni. Kwa hiyo kesi ileile tuliyoileta kujitetea ndiyo Msajili aliyoitumia kuonyesha sisi tuko upande mwingine.

Bidhaa hazikuchukua muda. Dona na unga wa uji ni vitu vinavyohusiana kwa karibu, rafu moja, muuzaji mmoja, na sheria ya alama za biashara, Sura ya 326, inakataza alama inayofanana kiasi cha kuchanganya watu kwenye bidhaa zilezile au zinazohusiana kwa karibu. Madaftari ndio yaliponea hapo, maana mfanano wa sikio ni uleule lakini hakuna anayefikiri msaga unga ndiye mchapa madaftari. Hii sehemu ya pili usiidharau kwenye muhtasari, kwa sababu inakuthibitishia kuwa sikio peke yake haliangushi mtu, lilihitaji bidhaa za jirani na mnunuzi wa haraka.

Sasa namna ya kukijua kilichoamua kwenye uamuzi wako. Mimi nafanya hivi: nachukua kigezo kimoja nakiondoa kichwani halafu najiuliza kama matokeo yangebaki yaleyale. Kwenye faili letu ukiondoa picha, matokeo hayabadiliki. Ukiondoa mfanano wa macho, bado tunashindwa. Ukiondoa sikio, tunashinda. Ukibadilisha unga uwe gari, pengine tunashinda. Basi hivyo viwili vya mwisho ndivyo vinakaa juu kabisa kwenye muhtasari, vingine vinafuata kwa ufupi. Na angalia sana Msajili anapoandika "hata hivyo", mara nyingi uzito unahamia hapo, kilichoko kabla yake anakikubali tu kwa heshima.

Kosa lingine nililolifanya muhtasari wa pili, na naona wengi wanalifanya, ni kuchanganya alichosema wakili na alichokiona Msajili. Niliandika "alama zina maana tofauti kabisa hivyo hazichanganyi", kumbe ile ilikuwa hoja yetu, Msajili alikubali nusu ya kwanza na kuikataa ya pili. Mteja akisoma vile anadhani ameonewa na anataka kukata rufaa kesho yake. Kila sentensi ya ulinganishi iwe na mwenyewe: mwombaji alidai, mpingaji alidai, Msajili aliona. Na usiweke asilimia, sijui zinafanana asilimia 80, hakuna Msajili anayepima hivyo.

Muhtasari wa mwisho uliokubaliwa ulianza hivi: "Ombi la KALAMU kwa unga limekataliwa kwa sababu kwa matamshi ya wanunuzi wa kawaida haitofautiki na KARAMU, na unga ni bidhaa ya bei ndogo inayoagizwa kwa mdomo. Tofauti ya maana imekubaliwa kuwa ipo lakini haikuweza kusaidia kwa kuwa mnunuzi haifikii. Ombi la madaftari limepita kwa sababu bidhaa hazihusiani." Ulinganishi ukafuata, sikio kwanza, tarehe zote zikabanwa kwenye mistari mitatu ya mwisho.

Na lile swali la wakili, yule kijana mteja wetu aliliuliza kweli, akiita KALAMU LISHE itakuwaje. Safari hii jibu lilikuwepo: lishe inataja aina ya unga tu, mtu dukani ataidondosha atabaki na kalamu, na kalamu ndiyo iliyokataliwa. Akatafuta jina lingine la unga, madaftari akabaki nayo.

Huo uamuzi wako ni wa bidhaa gani mkuu, na zinauzwaje? Anzia hapo kusoma, afu urudi kwenye aya za macho na sikio.